Ndiyo, Hapana na Kimya: Lugha Zinazoamulika na Lugha Zinazotambulika

Mtu afunguaye kamusi ili kutafuta neno hupata mojawapo ya majibu mawili. Ama atalikuta neno hilo mahali pake, ama atafika mahali ambapo lingepaswa kuwapo na kuona kwamba halipo. Jibu hilo la pili ni kamili sawasawa na la kwanza, wala halihitaji kamusi nzima isomwe hadi ukurasa wa mwisho. Linatokana na mpangilio: maneno yamewekwa kwa utaratibu unaojulikana, na pengo huonekana mara tu jicho linapolipita.

Sasa na ichukuliwe hali nyingine. Badala ya kamusi, pana karani anayetoa vijikaratasi kimoja baada ya kingine, kila kijikaratasi kikiwa na neno moja, bila mpangilio wowote na bila kikomo. Inajulikana kwa hakika kwamba kila neno la lugha litatokea siku moja, na kwamba hakuna neno la kigeni litakalochanganyika nayo. Mtafutaji anaketi mbele ya karani akisubiri neno lake. Likitokea, amepata jibu la ndiyo lisilo na shaka. Lisipotokea leo, wala kesho, wala baada ya miaka kumi, hana haki ya kusema hapana, kwa maana huenda likawa ndilo litakalofuata. Kimya cha karani si jibu.

Tofauti kati ya kamusi na karani huyu ndiyo tofauti kati ya lugha inayoamulika na lugha inayotambulika, kama zinavyoelezwa katika nadharia ya ukokotoaji. Tofauti hii iliwagusa wanaisimu moja kwa moja katika miaka ya 1960 na 1970, ilipoulizwa kama sarufi geuzi inaweza kabisa kumwambia mtu kwamba sentensi fulani si ya lugha husika. Kabla ya kulifikia swali hilo, hapana budi dhana zenyewe zitenganishwe, kwa sababu huchanganywa kwa urahisi.

Katika nadharia hii neno lugha lina maana finyu sana. Kwanza huchaguliwa alama chache zenye idadi maalumu, kwa mfano herufi za alfabeti. Alama hizo zikipangwa mstari mmoja, kwa urefu wowote wenye mwisho, hufanya mfuatano. Lugha ni mkusanyo wowote wa mifuatano. Sentensi zote sahihi za Kiswahili, zikiandikwa, ni lugha kwa maana hii. Lakini hali kadhalika mifuatano yote yenye herufi sita ni lugha, ingawa haina msemaji hata mmoja. Mwanaisimu aliyezoea kuihusisha lugha na jamii ataiona dhana hii kuwa kavu, na kwa kweli ni kavu. Faida yake ni kwamba huruhusu uthibitisho. Mifuatano yote ya alama zilezile ambayo haimo katika lugha itaitwa hapa masazo ya lugha hiyo. Masazo ya Kiswahili sanifu, kwa mfano, yana ndani yake mfuatano kama "kitabu wamesoma mtoto ki", pamoja na vurugu zote za herufi ambazo hakuna mtu angezitamka.

Jambo la pili ni mashine. Mnamo mwaka 1936 Mwingereza Alan Turing alieleza mashine ya kubuni yenye utepe wa kuandikia na kanuni chache za kufuata, hatua kwa hatua. Mashine hiyo ikaja kukubaliwa kuwa kipimo cha yale yote yawezayo kufanywa kwa kufuata kanuni bila kukisia. Ikipewa mfuatano, mashine yaweza kusimama na kukubali. Yaweza kusimama na kukataa. Au yaweza kuendelea kufanya kazi milele. Uwezekano huu wa tatu ndio chanzo cha mambo yote yanayofuata.

Lugha huamulika iwapo ipo mashine ambayo, ikipewa mfuatano wowote ule, husimama: hukubali mfuatano uliomo katika lugha na hukataa usiomo. Lugha hutambulika iwapo ipo mashine ambayo hukubali, mapema au kwa kuchelewa, kila mfuatano uliomo, na kamwe haikubali usiomo. Lakini kwa mfuatano usiomo yaweza kukataa au yaweza kunyamaza bila mwisho. Aina ya tatu ni kinyume cha hiyo ya pili. Ni lugha ambayo masazo yake hutambulika, yaani ipo mashine inayotoa hapana ya hakika kwa kila mfuatano ulio nje, lakini huweza kunyamaza mbele ya mifuatano iliyo ndani. Aina hii itaitwa lugha inayotambulika kwa masazo yake.

Sifa hizi ni za lugha, si za mashine moja moja. Mtu aweza kutunga mashine mbovu inayonyamaza ilhali mwenzake ametunga nyingine, kwa ajili ya lugha ileile, isiyonyamaza kamwe. Kunyamaza kwa mashine ya kwanza hakuthibitishi lolote juu ya lugha. Ili kusema kwamba lugha haiamuliki, yapasa kuonyesha kwamba hakuna mashine yoyote, iliyokwisha kutungwa au itakayotungwa, iwezayo kuiamua. Madai ya namna hiyo ni mazito, na ndiyo maana yalihitaji hoja za aina mpya.

Mfano mmoja waweza kufanyiwa kazi kwa kalamu na karatasi. Ni fumbo lililotolewa na Emil Post, mwanahisabati wa Marekani, mnamo mwaka 1946. Hutolewa jozi kadhaa za vipande vya maandishi, kila jozi ikiwa na kipande cha juu na kipande cha chini. Huulizwa kama jozi hizo zaweza kupangwa mstari mmoja, kwa kurudia jozi yoyote mara nyingi au kuiacha nyingine, hata maandishi ya juu yakisomwa mfululizo yawe sawasawa na ya chini. Tuzo ni mpangilio wenye angalau jozi moja.

Na zichukuliwe jozi tatu. Ya kwanza ina "ka" juu na "kala" chini. Ya pili ina "lamba" juu na "m" chini. Ya tatu ina "li" juu na "bali" chini. Mpangilio hauwezi kuanza na jozi ya pili wala ya tatu, kwa kuwa herufi zao za mwanzo hazilingani juu na chini. Ukianza na ya kwanza, chini panazidi kwa "la". Jozi inayofuata lazima ianze na "la" upande wa juu, nayo ni ya pili. Sasa juu pana "kalamba" na chini "kalam", na juu ndiko kunakozidi, kwa "ba". Jozi ya tatu inaleta "bali" chini na "li" juu, na pande zote mbili zinasomeka "kalambali". Fumbo limefumbuliwa.

Mashine isiyo na werevu wowote ingelifikia jibu hilohilo. Ingejaribu mipangilio yote ya jozi moja, ambayo ni 3, kisha ya jozi mbili, ambayo ni 9, kisha ya jozi tatu, ambayo ni 27, na miongoni mwa hiyo 27 ingekutana na mpangilio uliotajwa. Kwa njia hii kila fumbo lenye ufumbuzi litakubaliwa siku moja, hata kama ufumbuzi wake unahitaji jozi elfu. Kwa hiyo, maelezo ya mafumbo yote yenye ufumbuzi, yakiandikwa kwa alama maalumu, ni lugha inayotambulika.

Sasa na zichukuliwe jozi tatu nyingine, ambamo kila silabi itahesabiwa kuwa alama moja. Ya kwanza ina "lama" juu na "lamala" chini. Ya pili ina "malala" juu na "lala" chini. Ya tatu ina "lamala" juu na "malala" chini. Hapa tena ni jozi ya kwanza tu iwezayo kuanza, na baada yake chini panazidi kwa "la". Jozi ya kwanza ikirudiwa, silabi ya nne itakuwa "ma" juu na "la" chini, nayo njia hiyo imefungwa. Jozi ya pili inaleta "ma" mahali panapotakiwa "la", nayo imefungwa pia. Imebaki ya tatu. Ikiongezwa, juu panasomeka "lamalamala" na chini "lamalamalala". Ziada ni "la" tena, ileile iliyokuwapo mwanzo. Jozi ya tatu itaongezwa mara ya pili, na ya tatu, na ya mia, na kila mara chini patazidi kwa "la". Pande mbili hazitakutana kamwe.

Ile mashine ya kujaribu kila mpangilio haitalijua jambo hili. Itapitia mipangilio 3, 9, 27, 81, na kuendelea hivyo milele, bila kusema lolote. Mtu mwenye kalamu ameona kile ambacho mashine haikukiona: kwamba hali imejirudia, na kwamba hakuna njia nyingine. Bila shaka mashine yaweza kuongezewa werevu huo. Ifundishwe kuangalia ziada, na ikiona kwamba kila njia iliyo wazi inarudi kwenye ziada iliyokwisha kupitiwa, isimame na kukataa. Kwa fumbo hili la pili dawa hiyo yatosha. Lakini yapo mafumbo ambamo ziada hukua bila kujirudia, na kwa hayo patahitajika werevu wa namna nyingine, na baada ya huo mwingine tena. Alichothibitisha Post ni kwamba mlolongo huo hauna mwisho. Mashine yoyote isemayo hapana kwa haki tupu, bila kukosea hata mara moja, itaacha mafumbo yasiyo na ufumbuzi ambayo mbele yake itanyamaza. Lugha ya mafumbo yenye ufumbuzi hutambulika lakini haiamuliki.

Ni hapa ndipo nadharia yenyewe inapoingia. Katika makala yake ya mwaka 1944 Post alieleza kwamba mkusanyo huamulika iwapo, na iwapo tu, wenyewe na masazo yake yote mawili hutambulika. Stephen Kleene alikuwa ameifikia hoja hiyo katika makala ya mwaka 1943. Upande mmoja wa kauli hii ni mwepesi. Ikiwa ipo mashine iamuayo, basi hiyohiyo inatosha kuitambua lugha. Na ikibadilishwa ili ikubali pale ilipokuwa ikikataa, na ikatae pale ilipokuwa ikikubali, itayatambua masazo. Kubadilishana huko kunafaa kwa sababu mashine iamuayo husimama daima. Mashine itambuayo tu haiwezi kugeuzwa kwa njia hiyo, kwa maana kimya kikigeuzwa hubaki kimya.

Upande wa pili ndio wenye mafunzo. Na iwepo mashine A, inayoitambua lugha, na mashine B, inayoyatambua masazo yake. Huletwa mfuatano mmoja, na inatakiwa iamuliwe kama umo au haumo. Fikra ya kwanza imjiayo mtu ni kuiendesha A mpaka imalize, kisha kuiendesha B. Njia hiyo ina kasoro kubwa. Mfuatano ukiwa hauko katika lugha, A yaweza kuendelea milele, na zamu ya B isifike kamwe, ingawa B ingelisema jibu baada ya hatua tano tu. Kuanza na B hakuponyi kitu, maana kasoro ileile hujitokeza kwa mifuatano iliyo ndani ya lugha.

Dawa ni kuziendesha zote mbili kwa zamu. A hufanya hatua moja, kisha husimamishwa kwa muda. B hufanya hatua yake ya kwanza. A hufanya ya pili, B ya pili, na kuendelea hivyo. A ikikubali, jibu ni ndiyo na kazi imekwisha. B ikikubali, jibu ni hapana na kazi imekwisha. Ikiwa mojawapo itasimama kwa kukataa, huachwa, na nyingine huendelea peke yake. Kila mfuatano ama umo katika lugha ama umo katika masazo, wala hakuna mahali pa tatu. Ukiwa umo katika lugha, A itaukubali baada ya idadi fulani ya hatua. Ukiwa umo katika masazo, B itaukubali. Idadi hiyo ikiwa ni hatua elfu kumi, mashine ya pamoja itasimama kabla ya kumaliza hatua elfu ishirini na chache. Hapana mfuatano utakaoiacha ikizunguka bila mwisho, na A na B haziwezi kukubali mfuatano mmoja kwa pamoja. Kwa hiyo lugha imeamuliwa.

Kwa mfano wa makarani, hali ni hii. Karani wa kwanza hutoa vijikaratasi vya maneno yaliyomo. Wa pili, vya maneno yasiyomo. Hakuna kati yao aliyepanga kazi yake. Mtafutaji aketiye kati ya meza mbili anajua kwamba neno lake litatokea kwenye mojawapo, na anachohitaji kufanya ni kutazama huku na huku. Orodha mbili zisizo na mpangilio zimempa kile ambacho kamusi moja ilimpa kwa mpangilio wake. Yafaa isemwe kwamba karani mmoja tu angetosha iwapo angetoa mifuatano kwa kufuata urefu, mifupi kwanza, na yenye urefu mmoja kwa alfabeti. Mara urefu wa neno linalotafutwa unapopitwa, jibu la hapana lingekuwa wazi. Na lugha ikiwa na mifuatano isiyo na hesabu, urefu wowote ule utapitwa siku moja. Alfabeti peke yake haitoshi kwa orodha isiyo na mwisho, kwa sababu yaweza kuwapo mifuatano isiyo na hesabu ianzayo na "a", na "b" isifikiwe kamwe.

Uthibitisho huu hautoi, hata hivyo, zaidi ya kile unachoahidi. Unasema kwamba kusubiri kutakwisha. Hausemi kutakwisha lini. Kabla ya mashine mojawapo kusimama, hakuna njia iliyotolewa ya kujua kama zimebaki hatua tatu au milioni tatu. Baadhi ya wanahisabati wanaodai kwamba kila kisemwacho kuwapo lazima kijengwe waziwazi wamekuwa na mashaka kuhusu hatua hii. Kwao, kuonyesha kwamba haiwezekani mashine ya pamoja kuendelea milele si sawa na kuonyesha mahali inaposimama. A. A. Markov wa Umoja wa Kisovyeti, ingawa alikuwa miongoni mwao, aliikubali hatua hiyo kuwa kanuni maalumu. Kwa wanahisabati wengi tatizo hilo halitokei.

Tokeo moja la nadharia huonekana papo hapo. Lugha ikitambulika bila kuamulika, basi masazo yake hayatambuliki. Kwani yangetambulika, lugha ingeamulika. Orodha ya mafumbo ya Post yasiyo na ufumbuzi, kwa hiyo, haiwezi kutolewa na karani yeyote, hata kwa fujo, hata kwa kuchelewa. Hili ni kali kuliko kusema kwamba ni vigumu kuitoa.

Msomaji aweza kuuliza ni kwa nini pawepo kabisa lugha za namna hiyo. Sababu yaweza kuelezwa kwa istilahi za sarufi peke yake. Noam Chomsky alionyesha mwaka 1959 kwamba sarufi zenye kanuni za kubadilisha mfuatano kuwa mfuatano mwingine, bila sharti lolote juu ya umbo la kanuni hizo, huzalisha lugha zinazotambulika zote, wala hazizalishi nyingine. Sasa sarufi yenyewe ikiandikwa ni mfuatano wa alama. Ikiwa sarufi zote huandikwa kwa alama zilezile ambazo huzalisha kwazo, yaweza kuulizwa juu ya kila sarufi kama miongoni mwa mifuatano inayoizalisha yamo maandishi yake yenyewe. Zile zinazojizalisha hutambulika: huchukuliwa maandishi ya sarufi, hufuatwa kanuni zake moja baada ya nyingine, na husubiriwa maandishi hayo yatokee.

Lakini zile zisizojizalisha je? Na isemwe kwamba ipo sarufi S izalishayo maandishi ya sarufi zote zisizojizalisha, na hayo tu. Je, S hujizalisha? Ikiwa hujizalisha, basi imo katika orodha yake yenyewe, nayo orodha hiyo ni ya zisizojizalisha. Kwa hiyo haijizalishi. Ikiwa haijizalishi, basi yastahili kuwa katika orodha, yaani izalishwe na S; kwa hiyo hujizalisha. Kila upande hujikanusha, na kwa hiyo sarufi S haipo. Sarufi zinazojizalisha hutambulika, zisizojizalisha hazitambuliki, na kwa nadharia ya Post hakuna utaratibu wa kuamua kati yao. Ziko pia lugha zilizo mbali zaidi, ambazo hazitambuliki zenyewe wala kwa masazo yake. Mojawapo ni ile ya jozi za sarufi zisizo na masharti ambazo huzalisha lugha moja.

Katika isimu, swali hili lilipata uzito kwa sababu ya sarufi geuzi. Sarufi ambayo kanuni zake hazifupishi kamwe mfuatano haina tatizo: sentensi yenye alama kumi yaweza kutokana tu na mifuatano yenye alama kumi au pungufu, nayo ina hesabu, hivyo yote yaweza kuchunguzwa na jibu la hapana likatolewa. Kanuni za kudondosha huvunja kinga hiyo. Katika uchambuzi wa miaka ya 1960, amri kama "Soma!" ilichukuliwa kuwa imetokana na umbo la ndani lenye kiima "wewe", kilichodondoshwa baadaye. Kudondosha kiima kimoja si neno. Lakini ikiwa sentensi zaweza kuwekwa ndani ya sentensi bila kikomo, na kila tabaka likadondoshwa sehemu zake, basi sentensi ya maneno matatu yaweza kuwa mabaki ya umbo la ndani lenye maneno milioni, na mchunguzi hajui aache kutafuta wapi. Mwaka 1973 Stanley Peters na Robert Ritchie walithibitisha kwamba sarufi geuzi za aina iliyokuwa ikitumiwa wakati ule, hata zikiwekewa sharti kwamba kilichodondoshwa kiweze kurejeshwa, zina uwezo wa kuzalisha kila lugha inayotambulika. Kwa maneno mengine, nadharia iliyodai kueleza lugha za binadamu iliruhusu lugha ambazo hapana yake haipatikani. Walionyesha pia kwamba iwapo kina cha umbo la ndani chaweza kukadiriwa kutokana na urefu wa sentensi, kwa hesabu ifanyikayo, lugha huamulika. Sharti hilo hufanya kazi ya mpangilio wa kamusi: linamwambia mtafutaji mahali pa kukoma.

Miaka kumi na miwili kabla yao, mwaka 1961, mwanafalsafa Hilary Putnam alikuwa ameishambulia hali hiyo kutoka upande wa msemaji. Msemaji wa lugha, alisema, huweza kuzigawa sentensi kuwa sahihi na zisizo sahihi, hata zile asizowahi kuzisikia, na hata zisizo na maana. Ikiwa msemaji mwenyewe hufanya kazi kwa kanuni zenye mwisho, kama mashine, basi lugha yake lazima iamulike. Hoja hiyo, ikiwekwa kwa maneno ya Post, yasema kwamba msemaji ni makarani wawili ndani ya mtu mmoja. Husema ndiyo kwa yaliyomo na husema hapana kwa yasiyomo. Kwa hiyo pande zote mbili hutambulika, na nadharia hukamilisha yaliyobaki.

Hoja ni nzuri, na udhaifu wake uko katika karani wa pili. Nadharia inataka hapana itokane na lugha yenyewe, isiwe na kosa hata moja, na ipatikane kwa kila mfuatano wa masazo. Na itazamwe sentensi hii: "Panya ambaye paka ambaye mbwa alimfukuza alimla alikuwa mnono." Kila kiungo chake kimejengwa kwa kanuni zilezile zijengazo "Paka ambaye mbwa alimfukuza alipanda mtini", ambayo hakuna aikataaye. Hata hivyo wasemaji wengi wakiisikia ile ya kwanza husita, na wengine huikataa kabisa, mpaka waonyeshwe kwamba mbwa alimfukuza paka, paka akamla panya, na panya ndiye aliyekuwa mnono. Hapana yao ya mwanzo ilitokana na uchovu wa kumbukumbu, si na sarufi. Karani wa pili amekiweka kijikaratasi kwenye meza isiyo yake, na mashine ya pamoja ikimtegemea itatoa jibu la uongo kwa kujiamini.

Mtu aweza kujitetea kwa kumpa msemaji muda zaidi, na karatasi, na nafasi ya kubadili kauli yake. Lakini mara msemaji anaporuhusiwa kubadili hapana kuwa ndiyo baada ya kufikiri, hapana ya leo imekuwa kimya tu: haijulikani kama itadumu. Kilichobaki mkononi ni ndiyo inayothibitishwa na uchambuzi, yaani karani wa kwanza peke yake. Wala orodha ya mifano yenye nyota, ambayo mwanaisimu huikusanya uwandani, haiwezi kuchukua nafasi ya wa pili. Ina mwisho, ilhali masazo hayana. Na kinachodaiwa na nadharia si mifano ya hapana bali ni utaratibu wa kuizalisha yote. Utaratibu huo ukitolewa, kama vile sarufi yenye kipimo cha kina itoavyo, Kiswahili kitakuwa kimethibitishwa kuamulika kwa mujibu wa sarufi hiyo, na ushahidi wa msemaji utabaki kuwa wa kuipima sarufi.